Dada wa kazi au kituo cha mchana?

Mama na baba wa Tabata, Dar es Salaam, wote wanatoka asubuhi. Mtoto wao ana miezi 18. Abaki na dada wa kazi, au apelekwe kituoni?

Kwa umri huo, kabla ya ada waulize kituoni mlezi mmoja ana watoto wangapi. Akiwa na 12 wa nepi, hata awe na moyo gani, wengine watakaa wamelowa. Waende saa sita mchana, wakati wa kula na kulala; hapo ndipo ukweli huonekana. Waombe na cheti cha usajili, kwani Sheria ya Mtoto ya 2009 inakitaka.

Dada humlea mtoto hata mtoto akiwa na homa, siku ambayo kituo humkataa. Ila dada mwenyewe hana anayemtazama.

Wazazi, mkimchagua dada, shindeni naye nyumbani siku kadhaa kwanza.