Kabla ya Kupanda Meli: Kuipima Kazi ya Ng'ambo kwa Siku ya Kurudi



Zamani, aliyeondoka Bandari ya Kale na jahazi wakati wa kusi alijua kwamba kaskazi ingemrudisha. Kurudi kulikuwa ndani ya safari yenyewe. Mikataba ya leo ya kazi za ng'ambo hueleza vizuri namna ya kuondoka, lakini kuhusu kurudi husema tikiti ya ndege tu. Jioni hii nataka tuzungumze juu ya hilo lisiloandikwa, na nitachukua kazi ambayo kisiwa hiki cha Mombasa kinaijua: ubaharia.

Tuchukue mfano. Kijana amemaliza mafunzo ya ubaharia, ana vyeti vya msingi vya usalama, na mezani ana karatasi mbili. Ya kwanza inamtaka awe mhudumu wa mkahawa katika meli ya watalii. Ya pili inamtaka awe kadeti wa sitaha katika meli ya mizigo, kwa posho ndogo kuliko mshahara wa mhudumu. Nyumbani kuna kodi ya nyumba na karo za wadogo zake. Mama atasema achukue ya kwanza, na kwa hesabu ya mwaka mmoja mama ana haki.

Sasa tupige hesabu ya miaka mitano au sita. Mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia wa mwaka 1978, unaojulikana kwa herufi STCW, unamtaka anayetafuta cheti cha afisa wa zamu awe amehudumu baharini miezi 12 chini ya mpango wa mafunzo ulioidhinishwa, ikiwamo miezi 6 ya kushika zamu kwenye chumba cha kuongozea meli. Asiye na mpango huo anadaiwa miezi 36 katika idara ya sitaha. Miaka ya kubeba sahani haihesabiki hapo hata ikiwa kumi, ingawa ni bahari ileile. Kadeti akishafaulu, miezi 36 ya uafisa humfungulia njia ya mtihani wa unahodha. Kwa kuwa baharia hupumzika nchi kavu kati ya mkataba na mkataba, miezi hiyo huchukua miaka kadhaa.

Tuseme vijana wawili walichagua kila mmoja karatasi yake. Wakirudi wote wawili, mhudumu ana akiba na ujuzi wa hoteli. Hoteli za Nyali na Diani zitamkaribisha, ila zitamlipa kwa viwango vya hapa. Afisa ana hati inayosomeka Kilindini: kwenye urubani wa bandari, ukaguzi wa meli, Mamlaka ya Bahari ya Kenya, au ualimu katika Chuo cha Bandari. Nafasi hizo si nyingi, na hazimngoji mtu. Lakini bila hati huwezi hata kuziomba.

Hati nayo huchakaa. Cheti cha uafisa hudumu miaka 5, na njia ya kawaida ya kukihuisha ni kuonyesha miezi 12 ya kazi baharini ndani ya miaka hiyo. Anayerudi akafungua duka, akidhani cheti kitamsubiri kabatini, atalazimika kuanza tena na kozi au mitihani.

Msitoke hapa mkisema kila ukadeti ni bora. Kenya ina meli chache mno za bendera yake, kwa hiyo nafasi za mafunzo baharini ni adimu, na penye uhaba pana ulaghai. Wapo wanaoandikwa makadeti kisha wakashinda wakikwangua kutu. Utaijua kazi ya kweli kwa maswali machache. Je, mpango huu umeidhinishwa na mamlaka? Nitapewa kitabu cha kumbukumbu za mafunzo, na afisa gani atakitia sahihi? Mkataba unataja zamu za uongozaji? Wakala akikwepa hayo, posho ndogo hainunui chochote.

Wakala akidai ada ya kukutafutia kazi, ondoka. Mkataba wa Kazi za Baharini wa 2006, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2014, unakataza. Baharia hugharimia cheti cha afya, kitabu chake cha baharia na pasipoti. Viza ni ya mwenye meli.

Na kama shida ya nyumbani haiwezi kungoja, uhudumu si kosa, mradi uwe na kikomo: kiasi fulani cha mtaji, kwa biashara iliyokwisha kuchaguliwa, kisha kushuka. Asiyeweka kikomo husaini mkataba baada ya mkataba, mshahara ukimtunza akiwa melini tu. Basi wazazi wangu, kijana akileta karatasi nyumbani, baada ya kuuliza atalipwa ngapi, muulizeni miezi hiyo itaandikwa wapi, na nani Mombasa ataikubali.