Sukari Iliyopanda Baada ya Kiharusi: Ishushwe Mpaka Wapi?

Hapa Bunia na Ituri nzima, kuna swali ambalo wauguzi wa zamu wanalijua vizuri. Mgonjwa ameletwa na kiharusi au mshtuko wa moyo, anatobolewa kidole, mashine inaonyesha 230. Jamaa wanashtuka: "Lakini mama hana sukari! Imetoka wapi?" Leo nataka tulijibu swali hilo, halafu tuendelee kwa lile gumu zaidi, yaani hiyo 230 ishushwe mpaka wapi.

Imetoka mwilini mwake mwenyewe. Mshipa wa ubongo unapoziba, au nyama ya moyo inapokosa damu, mwili unajiona uko hatarini, na tezi zake zinamwaga adrenalini na kotisoli. Homoni hizo zinaliamuru ini lifungue akiba yake ya sukari na kutengeneza nyingine mpya. Papo hapo zinazuia insulini isifanye kazi yake sawasawa, kwa hiyo sukari inajaa kwenye damu na haiingii kwenye seli. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa hajala tangu jana na bado akapimwa 230.

Wengine, hata hivyo, walikuwa na kisukari siku nyingi bila kujua, na kiharusi ndicho kimekifichua. Kipimo kinachosaidia kuwatenganisha ni hemoglobini A1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili au mitatu iliyopita. Kikifika asilimia 6.5 au zaidi, kisukari kilikuwepo kabla. Huku kwetu lazima tukumbuke kwamba mtu mwenye upungufu wa damu, mwenye selimundu au aliyeongezewa damu karibuni anaweza kupata jibu la uongo. Mtu huyo inafaa apimwe tena sukari akiwa hajala, wiki kadhaa baada ya kupona.

Sukari hiyo ina madhara. Pembeni ya sehemu ya ubongo iliyokufa kuna sehemu nyingine inayopata damu kidogo sana, ambayo bado inaweza kuokoka. Sukari nyingi mahali pasipo na oksijeni ya kutosha inageuka kuwa asidi, na asidi hiyo inaweza kuimaliza sehemu ile iliyokuwa bado na matumaini. Isitoshe, sukari ikizidi sana mgonjwa anakojoa mno, anakaukiwa maji, na damu inazidi kuwa nzito. Kwa wagonjwa wa moyo pia imeonekana mara nyingi kwamba wanaolazwa na sukari ya juu wanakufa zaidi kuliko wengine, hata wale wasio na kisukari.

Basi mtu atasema: tuishushe haraka, irudi kama ya mtu mwenye afya. Madaktari wengi wa dunia waliwaza hivyo hivyo. Mwaka 2001, huko Leuven, Ubelgiji, wagonjwa mahututi waliofanyiwa upasuaji walibanwa sukari kati ya 80 na 110, na vifo vikapungua. Hospitali nyingi zikafuata. Halafu mwaka 2009 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa ulioitwa NICE-SUGAR, wenye wagonjwa zaidi ya 6,000. Waliobanwa sana walikufa zaidi: asilimia 27.5 katika siku 90, dhidi ya 24.9 kwa walioachwa hadi 180. Mwaka 2019 ukaja utafiti wa Marekani, SHINE, uliohusu wagonjwa wa kiharusi peke yao. Kuibana sukari kati ya 80 na 130 hakukuwasaidia kupona vizuri zaidi, na kushuka kwa hatari, chini ya 40, kulitokea upande huo tu.

Hapo ndipo penye hatari. Ubongo hauna ghala la sukari, ikishuka chini ya 70 unaanza kuingia hatarini, na mgonjwa aliyepooza ulimi hawezi kusema "natetemeka, naona giza." Kwa mgonjwa wa moyo, sukari ikishuka adrenalini inamwagwa tena, na moyo uliojeruhiwa unaweza kuvurugika mapigo. Ndiyo maana lengo la hospitalini leo ni kati ya 140 na 180. Insulini inaanza pale sukari inapobaki 180 au zaidi inapopimwa tena. Ikiwa 165, daktari anayeiacha hapo hajazembea.

Tuchukue mfano. Mama wa miaka 58 analetwa kwa pikipiki kutoka Mudzipela, mkono na mguu wa kushoto vimelegea. Kitu cha kwanza ni kupima sukari, kwa sababu sukari ya chini nayo inaweza kumlegeza mtu upande mmoja ukadhani ni kiharusi. Kidole kinaoshwa kwa maji na kukaushwa kwanza, maana mabaki ya soda au embe kwenye ngozi yanaipandisha namba bure. Anapatikana na 236.

Sasa tazameni chupa ya serumu. Wengi wetu tunapenda mgonjwa awekewe serumu ya glukozi, ya "kumpa nguvu." Chupa moja ya nusu lita ya glukozi ya asilimia 5 ina gramu 25 za sukari, inayoingia moja kwa moja kwenye mshipa. Mama huyu anastahili serumu ya chumvi, isipokuwa sukari yake ingekuwa chini. Baada ya saa chache anapimwa tena: 212. Daktari anaagiza insulini ya haraka, dozi ndogo, chini ya ngozi. Kipimo kinachofuata ni 168, haongezewi kitu. Usiku wa manane ni 118. Hapewi insulini, na anapimwa tena mapema kuliko ilivyopangwa.

Mahali mambo yanapoharibika mara nyingi ni kati ya sindano na sahani. Hapa kwetu chakula kinaletwa na jamaa. Insulini ya chakula imedungwa, uji umechelewa njiani, au mgonjwa amekula vijiko viwili akakataa: saa mbili baadaye sukari imeanguka. Anayemlinda mgonjwa amwambie muuguzi kabla ya sindano kama chakula kipo, na baadaye kama kimeliwa. Wala asimnyweshe chai wala soda mgonjwa wa kiharusi kabla ya kumeza kwake kupimwa, kwa kuwa kinywaji kinaweza kuingia mapafuni. Akiona jasho la baridi, kutetemeka, au usingizi usio wa kawaida, aombe kidole kitobolewe saa hiyo hiyo, hata kama zamu ya kupima haijafika. Na vidonge vya sukari vya nyumbani, hasa glibenklamidi, viende kwa daktari, visiendelee kumezwa kimyakimya. Vinaweza kuishusha sukari siku nzima.

Jambo la mwisho ni mashine zenyewe. Hapa tunahesabu kwa miligramu katika desilita, lakini ng'ambo ya Ziwa Albert, Uganda, wanahesabu kwa milimoli katika lita. Mashine iliyonunuliwa huko inaweza kuandika 10, na hiyo 10 ni sawa na 180 yetu. Unaipata kwa kuzidisha kwa 18. Kabla ya kupiga simu nyumbani kusema sukari imeshuka au imepanda, soma herufi ndogo pembeni ya namba: mg/dL au mmol/L.