Sanduku la Kufuli Tatu: Namna ya Kumweleza Mwanakikundi Neno la Siri na Hatua ya Pili ya Kuingia



Nimeombwa nieleze jinsi ya kuwafundisha wanachama wetu, watu wenye simu za kawaida za tachi, kuweka neno la siri lililo imara na kuwasha hatua ya pili ya kuingia kwenye akaunti. Wengi wetu huanza somo hili kwa kuwatisha watu na habari za wadukuzi, kisha tunawapa orodha ya masharti: herufi kubwa, herufi ndogo, namba, alama. Mwanachama anaitikia kwa kichwa, anarudi nyumbani, na neno la siri linabaki jina la mtoto na mwaka aliozaliwa. Napendekeza tuanze na kitu ambacho tayari anakisimamia kila wiki, yaani sanduku la akiba la kikundi.

Utaratibu wa sanduku mnaujua. Ulianzia kwenye vikundi vya akina mama nchini Niger mwaka 1991, vikisaidiwa na shirika la CARE, na ukasambaa hadi huku kwetu. Sanduku la chuma lina kufuli tatu. Washika funguo ni watatu, kila mmoja na wake, na mtunza sanduku anayelala nalo nyumbani hana ufunguo hata mmoja. Mwizi akimvamia mtunza sanduku usiku, anakuta chuma kilichofungwa. Akimlaghai mshika funguo mmoja, amepata theluthi ya kazi. Mwulize mwanachama yeyote kwa nini funguo zote tatu asipewe mwenyekiti, maana ni mtu mwaminifu. Atakujibu bila kufikiri, na jibu hilo ndilo somo letu la leo.

Sasa tuchukue tukio moja na kulifuata hatua kwa hatua, kwa sababu ndilo linalowapata watu wetu mara nyingi. Katibu wa kikundi anaendesha kundi la WhatsApp la wanachama. Jioni anapata meseji ya simu yenye tarakimu sita na maelezo kwamba hiyo ni namba ya kuthibitisha WhatsApp, asimpe mtu. Dakika hiyohiyo mwanachama mwenzake anamwandikia WhatsApp: “Dada, samahani, nimekosea nimetuma namba yangu ya siri kwako. Nirudishie tafadhali, nasubiriwa.” Jina ni la mtu anayemfahamu, picha ni yake. Katibu anaituma. Baada ya sekunde chache WhatsApp ya katibu inajifunga na kumwambia kwamba namba yake imesajiliwa kwenye simu nyingine.

Kilichotokea ni hiki. Mwizi alipakua WhatsApp kwenye simu yake na kuandika namba ya katibu. WhatsApp, ili ihakikishe kwamba anayejisajili ndiye mwenye laini, ikatuma tarakimu sita kwenye laini ya katibu. Mwizi hakuwa na laini hiyo, hivyo akaomba. Yule mwanachama aliyeandika “nirudishie” alikuwa ameshaibiwa akaunti yake saa chache kabla, kwa njia hiyohiyo. Meseji za zamani za katibu hazikuhamia kwenye simu ya mwizi, lakini makundi yake yalikuwemo, na muda si mrefu wanachama wakaanza kupokea ombi: “Nina mgonjwa, nikopeshe laki moja, nitarudisha kesho. Tuma kwa namba hii, yangu ina shida.”

Hapa ndipo mfano wa sanduku unapofanya kazi. Mwanachama anaiona ile meseji ya tarakimu sita kama taarifa tu, kitu cha kusoma na kusambaza. Mwambie kwamba huo ni ufunguo uliowekwa mkononi mwake. Mshika funguo hamtumii mtu ufunguo kwa boda kwa kuwa tu aliyeomba ameandika kwa adabu. Kama kuna shaka, anampigia simu ya kawaida na kusikia sauti yake.

Swali linalofuata ni la haki: kama laini ni kufuli, kwa nini ilitosha kupata ufunguo mmoja? Kwa sababu sanduku la katibu lilikuwa na kufuli moja. WhatsApp ina kufuli ya pili, lakini mwenye akaunti ndiye anayeifunga. Kwenye simu iliyo kwa Kiingereza, anaingia Settings, kisha Account, kisha Two-step verification, anachagua namba ya siri ya tarakimu sita na kuongeza barua pepe yake endapo ataisahau. Tangu hapo, anayesajili namba hiyo kwenye simu nyingine anaulizwa vitu viwili: namba iliyotumwa kwa meseji, na namba ya siri aliyoichagua mwenyewe. Katibu angeweza kudanganywa akatoa ile ya kwanza na bado mwizi akakwama kwenye ya pili.

Kuna jambo baya zaidi ambalo wengi hawalijui. Mwizi mjanja akishaingia, huiwasha yeye hiyo kufuli ya pili kwa namba yake. Mwenye akaunti akijisajili upya kwa namba mpya ya meseji, mwizi anatolewa mara moja, hilo halina shaka, lakini mwenye akaunti anaulizwa namba ya siri asiyoijua na hulazimika kusubiri siku 7 kabla ya kuruhusiwa kuingia bila hiyo namba. Kwa hiyo katibu aliyeibiwa afanye mawili kwa pamoja: ajisajili upya papo hapo ili mwizi atoke, na awapigie simu wanachama wasitume fedha. Asisubiri kwanza apate mtaalamu wa simu mjini.

Tuje kwenye ubora wa kufuli zenyewe. Namba ya siri ya pesa za simu yenye tarakimu nne ina michanganyiko 10,000 tu, na bado inafaa, kwa sababu mtandao wa simu unahesabu makosa na kuifunga akaunti baada ya majaribio machache. Inafaa kwa sharti moja, kwamba isiwe namba ambayo kila mtu angeijaribu kwanza. Uchambuzi wa mwaka 2012 wa namba za tarakimu nne milioni 3.4 zilizovuja ulionyesha kwamba 1234, 1111 na 0000 peke yake zilikuwa karibu moja kati ya kila tano. Mwizi mwenye majaribio matatu hahitaji zaidi ya hapo. Mwaka wa kuzaliwa nao ni wa kuepuka, maana uko kwenye kitambulisho kilichomo pochini pamoja na simu.

Barua pepe ni habari tofauti. Kampuni ikivamiwa, orodha yake ya maneno ya siri, hata ikiwa imefumbwa, inaondoka na mwizi, naye anaikisia kwenye kompyuta yake bila mtu wa kumhesabia makosa. Tuseme kompyuta hiyo inajaribu mara bilioni 10 kwa sekunde, kasi ambayo mitambo ya leo huifikia pale ufumbaji unapokuwa dhaifu. Neno la siri la herufi nane ndogo zilizochaguliwa ovyo lina michanganyiko kama bilioni 209. Linaisha kwa sekunde 21.

Njia ninayoipendekeza kwa mwanachama ni kamusi. Afumbe macho, afungue ukurasa wowote, aweke kidole, achukue neno lililoangukiwa. Arudie mpaka apate matano, kwa mfano “kitara mbilimbi sogea dau upepeo”. Kamusi ikiwa na maneno 10,000, maneno manne ya namna hiyo yangeichukua kompyuta ileile siku 11 na ushei kuyamaliza yote. Ukiongeza la tano, zaidi ya miaka 300. Na maneno matano yanakaririka: watu wetu wanakariri mashairi marefu kuliko hayo. Ila kidole kiangukie chenyewe. Akichagua kwa moyo wake atachukua mama, upendo, Mungu na jina la timu yake. Methali pia haifai, hata iwe na maneno saba, kwa sababu kila methali imeshaandikwa vitabuni na mwizi anayo orodha. (Na huo mfano wangu nao usitumiwe; umeshasomwa ukumbini.)

Kosa moja la sanduku lifundishwe kwa vitendo. Vikundi vingine hununua kufuli tatu za bei rahisi duka moja, pakiti moja, halafu wanagundua kwamba ufunguo mmoja unafungua zote. Mkiwa na kufuli za namna hiyo, zijaribuni mbele ya wanachama. Kisha waulize ni akaunti ngapi zinazofunguliwa na neno lao moja la siri. Barua pepe ipewe neno lake peke yake, kwa kuwa ndiko zinakotumwa njia za kubadilisha maneno mengine yote.

Imebaki kujua funguo zinalala wapi. Katika kikundi ziko nyumba tatu. Kwenye simu, neno la siri limehifadhiwa humo, meseji inaingia humo, barua pepe iko humo, na simu iko mfukoni kwenye daladala. Mwizi aliyeikwapua hahitaji hata kujua namba ya kufungulia kioo: anachomoa laini, anaiweka kwenye simu yake, na meseji za tarakimu sita zinaanza kumfikia yeye. Dawa yake ni namba ya siri ya laini yenyewe, inayowekwa kwenye mipangilio ya usalama ya simu. Laini hiyo ikihamishwa inaiuliza, na baada ya makosa matatu inadai namba ya PUK. Mwonye mwanachama ahakikishe ana PUK yake kabla ya kuiwasha, kwa sababu makosa kumi ya PUK yanaiua laini kabisa. Pia azime maandishi ya meseji yasionekane kioo kikiwa kimefungwa.

Kwa barua pepe ya Google, anayeweza atumie programu ya kuzalisha namba badala ya meseji. Inatoa tarakimu sita mpya kila baada ya sekunde 30, hata pasipo mtandao, na haihusiani na laini, hivyo hata tapeli aliyefanikiwa kuisajili upya laini yako kwa ulaghai hapati tarakimu hizo. Haizuii kila kitu. Ukurasa wa uongo unaofanana na wa kweli unaweza kukuomba neno la siri pamoja na zile tarakimu, na mwizi akaziingiza yeye kabla sekunde hazijaisha. Anwani iliyo juu ya ukurasa isomwe kabla ya kuandika chochote, hasa kama umefika hapo kwa kubonyeza kiungo ulichotumiwa.

Google pia hutoa namba 10 za akiba, kila moja ya tarakimu nane na ya kutumika mara moja, kwa ajili ya siku simu itakapopotea. Mwanachama aziandike kwenye karatasi wakati wa mafunzo, mbele yenu. Asizipige picha kwa simu ileile. Karatasi ikae nyumbani, mahali anapoweka hati ya kiwanja na vyeti vya watoto.