Tangazo Linapogeuka Katikati: Maelezo kwa Wakazi wa Kata ya Rahaleo



Gari la matangazo hupita mtaani kwa muda mfupi, na yanayotamkwa mwanzo ndiyo hushika masikio. Kwa bahati mbaya, tangazo la mabadiliko huanza na habari iliyokwisha kufutwa. Tuchukue mfano:

“Huduma ya chanjo ya watoto, iliyokuwa itolewe kesho Jumatano saa mbili asubuhi katika ofisi ya mtaa, sasa itatolewa Alhamisi, saa ile ile, katika shule ya msingi. Wanaohitaji kadi mpya wafike ofisi ya mtaa kesho kama ilivyotangazwa awali.”

Mama aliyesikia “kesho, saa mbili, ofisi ya mtaa” akarudi jikoni, atambeba mwanawe juani na asimkute muuguzi. Si kwamba hakusikia. Aliacha kusikiliza mapema. Dalili ilikuwa katika kitenzi: “iliyokuwa itolewe”. Kitenzi cha namna hiyo hutaja mpango uliobatilika, na nyuma yake hufuata “sasa”, “badala yake” au “bali”. Ukikisikia, jua kuwa jambo lenyewe bado halijatamkwa.

Hata hivyo, msiyatupe maneno ya mwanzo. Hapa siku na mahali vimebadilika, lakini saa haikutajwa upya. Imesemwa “saa ile ile”. Aliyeisahau ile saa mbili amebaki na nusu ya tangazo. Kadhalika sentensi ya mwisho inawahusu watu wengine: wenye shida ya kadi, mpango wao haukuguswa. Kwa hiyo tujiulize mambo manne, kila moja peke yake: siku gani, saa ngapi, wapi, na nani anahusika.

Gari likikupita ukiwa umepata kipande tu, usimwulize jirani, “Wamesema saa ngapi?” Atakutajia saa aliyoishika yeye, pengine ile ya zamani. Mwulize, “Baada ya neno ‘sasa’ wamesemaje?” Kisha mrudie ulichoelewa, naye akusahihishe.

Tangazo la maandishi nalo lina mtego wake. “Saa 8:00 mchana” ni saa nane yetu, ilhali “08:00” ni saa mbili asubuhi. Pasipo neno la asubuhi au mchana, ulizeni ofisini kabla ya kutoka.

Tunakumbuka Aprili 2019, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilipoutahadharisha mkoa wetu juu ya Kimbunga Kenneth, nacho kikatua Cabo Delgado, ng’ambo ya Ruvuma, tarehe 25. Kimbunga huweza kubadili njia, na taarifa mpya huiondoa ya awali. Siku kama hiyo, anayeshika taarifa ya asubuhi hadi jioni anaweza kukimbilia mahali pasipo salama.