Ada Unayoiona na Ile Usiyoiona: Kutuma Pesa Nje kwa Simu

Mazungumzo na waweka hazina wa vikundi, Nakuru

Leo tumeleta swali la mama mmoja wa kikundi cha Bahati. Kijana wake anasoma Kampala, na mama humtumia pesa za chakula na kodi ya chumba kwa simu. Alikuja kwetu na kitabu chake cha hesabu akasema, "Nilichagua programu ya simu iliyoandika bila ada. Sasa mbona kijana wa jirani, aliyetumiwa pesa zile zile siku ile ile na akakatwa ada, amepata zaidi ya wangu?"

Tulikaa naye tukapiga hesabu. Hebu tuirudie hapa pamoja. Tumezifanya tarakimu kuwa nyepesi ili kila mtu afuate, lakini haziko mbali na zile mnazoziona kwenye simu.

Kwanza tujue kinachotokea. Shilingi zetu hazisafiri kwenda Uganda. Kampuni inazipokea hapa, na kule mshirika wake anamlipa kijana kutoka kwa shilingi za Uganda ambazo tayari ziko kule. Kati ya hapa na kule kuna bei ya kubadilisha, yaani shilingi moja yetu inanunua ngapi za kwao. Mabenki na kampuni kubwa huuziana pesa kwa bei ya jumla. Bei hiyo ndiyo tutaiita kiwango cha kati. Sisi hatuuziwi kwa bei hiyo. Tunauziwa kwa bei ya rejareja, na tofauti inabaki kwa kampuni.

Ninyi wa Molo mnaijua biashara hii kuliko sisi. Broka anakuja shambani akisema, "Mama, usafiri ni juu yangu, sitakukata hata senti." Halafu anapakia lumbesi. Usafiri umelipwa, tena kwa viazi vyako, ila hakuna risiti iliyoandikwa neno usafiri. Programu iliyoandika bila ada inaweza kufanya vivyo hivyo, kwa sababu lumbesi yake imo ndani ya kiwango.

Sasa tuje kwa hesabu ya mama. Alikuwa na shilingi 20,000. Tuseme kiwango cha kati siku hiyo kilikuwa 28, yaani shilingi moja ya Kenya kwa 28 za Uganda. Bila gharama yoyote, kijana angepata 560,000. Programu ya mama haikutoza ada lakini ilitoa 26.6, kwa hivyo kijana alipata 532,000. Zilizopungua ni 28,000 za Uganda, ambazo ni shilingi zetu 1,000 kamili. Mama alidhani ametuma bure, kumbe amelipa asilimia 5.

Jirani naye alikuwa na 20,000. Programu yake ilikata ada ya 250, zikabaki 19,750, na ikatoa kiwango cha 27.7. Kijana wake alipokea 547,075. Ukilinganisha na 560,000, gharama yote ya jirani, ada na kiwango pamoja, ni kama shilingi 460 za Kenya, asilimia 2 na kidogo. Benki ya Dunia nayo inapopima gharama ya kutuma pesa hujumlisha hizo mbili, ada na tofauti ya kiwango. Umoja wa Mataifa umeweka lengo kwamba ifikapo 2030 gharama hiyo isizidi asilimia 3. Kwa hivyo jirani alikuwa ndani ya lengo, mama alikuwa nje, na hakuna kati yao aliyejua.

Baba mmoja aliposikia hivyo alisema, "Basi tuihame hiyo ya bila ada." Pole pole, mzee. Tuliuliza mama anatuma 20,000 mara ngapi. Akasema mara moja kwa muhula, lakini kila wiki anatuma 2,000. Haya, tupige tena. Kwa programu yake, 2,000 mara 26.6 ni 53,200. Kwa ile ya jirani, toa ada ya 250, zinabaki 1,750, mara 27.7 ni 48,475. Hapo ya mama imeshinda! Ada ya 250 ni mzigo mkubwa kwa pesa ndogo na mwepesi kwa pesa nyingi, lakini kiwango kibaya kinakula kila shilingi sawa, ziwe chache au nyingi. Kwa tarakimu hizi mpaka wao uko karibu na shilingi 6,300. Chini ya hapo tumia isiyo na ada, juu ya hapo tumia yenye ada.

Mtajuaje kiwango cha kati? Benki Kuu ya Kenya hutangaza viwango vya kila siku ya kazi kwenye tovuti yake. Mwangalie vizuri jinsi vilivyoandikwa. Dola huandikwa ni shilingi ngapi za Kenya kwa dola moja, kwa hivyo anayetuma dola anatafuta namba ndogo. Lakini shilingi ya Uganda na ya Tanzania huandikwa ni ngapi za kwao kwa moja yetu, na hapo anayetuma anatafuta namba kubwa. Tumeona watu wakifurahia namba isiyowafaa kwa kutojua hilo tu. Tena mlinganishe viwango vya siku moja. Mwezi wa Januari 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, na kabla mwaka huo haujaisha ilikuwa karibu 129. Aliyelinganisha programu ya leo na karatasi ya zamani alipotea.

Kwenye simu, ukishaandika nchi, namba na kiasi, programu huonyesha ukurasa wa kuhakikisha kabla ya kuomba namba ya siri. Msiukimbie huo ukurasa. Tafuta `Exchange rate`, tafuta `Fee`, kisha tafuta jumla inayotoka kwako, maana kuna programu zinazoongeza ada juu, ukajikuta umekatwa 20,250, na nyingine zinazoitoa ndani. Mwisho tafuta kiasi atakachopokea mwenzako. Ukiwa na muda wa kuangalia namba moja tu, iwe hiyo, kwa 20,000 ile ile, katika programu mbili, dakika ile ile. Jina la mpokeaji nalo lisome, kwa sababu pesa zikishaingia kwa mtu mwingine ng'ambo kuzirudisha ni kazi ngumu. Kiwango chenyewe hudumu muda mfupi. Ukienda kukamua ng'ombe ukarudi, soma upya.

Kuna kitu kimoja ambacho ukurasa huo hauonyeshi. Kijana akitoa pesa kwa wakala Kampala, anakatwa ada ya kutoa, na pia kodi ya serikali ya Uganda ya asilimia 0.5 iliyoanza mwaka 2018. Kwa 532,000, kodi peke yake ni 2,660. Mama hakuwa na habari. Sasa kitabu chake kina safu nne: zilizotoka kwangu, kiwango, alizopokea kwa simu, na alizoshika mkononi. Safu ya nne anaijaza kijana, kwa ujumbe wa simu, na mama anasema ndiyo inayochelewa kila mara.