Hati Haiwezi Kujikagua Yenyewe: Kupokea Nondo na Saruji katika Ujenzi wa Shule

Mhadhara wa umma, Muheza



Nimeombwa nizungumzie ununuzi wa umma. Uwanja huo ni mpana, na nikiuzunguka wote tutalala hapa. Kwa hiyo nitabaki kwenye kipande kimoja tu, kile cha muda mfupi kati ya Fuso kusimama mbele ya stoo ya shule na dereva kuondoka na hati iliyotiwa saini.

Mnaukumbuka mwaka 2021, Serikali ilipoanza kujenga madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo wa UVIKO-19, kila darasa likitengewa shilingi milioni 20. Yalijengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti: shule inapokea fedha, inanunua vifaa yenyewe na kuajiri fundi wa hapahapa. Wanakijiji ambao hawakuwahi kushika leja walijikuta kwenye kamati tatu: ya manunuzi, ya mapokezi na ya ujenzi. Mgawanyo huo una maana yake. Aliyepatana bei na mwenye duka hapaswi kuwa ndiye anayethibitisha kwamba mzigo umefika kamili. Kanuni za Ununuzi wa Umma za 2013 zilitaka mali ikaguliwe na kamati kabla ya kukubaliwa. Hata hivyo, ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuhusu halmashauri zimekuwa zikirudia hoja ileile: vifaa vimelipiwa bila ushahidi kwamba vilikaguliwa, au bila kuonekana kwenye leja.

Watu huharakisha kusema ni wizi. Wizi upo, sikatai. Lakini ukizitazama kamati zinavyofanya kazi utaona jambo la kawaida zaidi. Hati ya agizo, yaani LPO, inafungiwa kwenye kabati la ofisi. Kamati ya mapokezi inaitwa kwa simu, inafika, na karatasi pekee inayopewa ni ile iliyoletwa na dereva, hati ya kupelekea mzigo, ambayo dukani wanaiita delivari. Wajumbe wanaisoma, wanatazama mzigo, wanatikisa kichwa, wanatia saini. Wamelinganisha nini na nini? Hati ya kupelekea ni maneno ya muuzaji. Inasema alichopakia, au alichotaka tuamini amepakia. Sisi tulichoomba kimeandikwa kwenye agizo, na agizo halipo. Hapo hati imejikagua yenyewe, na kwa vyovyote itafaulu.

Ndiyo maana nasema mjumbe wa mapokezi apewe nakala ya agizo siku ileile linapotoka, si siku gari linapofika. Na wakati wa kuhesabu, hati ya dereva iwekwe kifudifudi. Anayejua kwamba jibu linalotakiwa ni 100 ataipata 100 hata kama mifuko ni 97. Ahesabu kwanza, aandike alichokiona, kisha ndipo afunue karatasi.

Tuchukue mfano ambao tarakimu zake nimezipanga mwenyewe ili tuuone mzigo kwa karibu. Shule imeagiza mifuko 100 ya saruji ya kilo 50, na tani 2 za nondo za milimita 12, zenye urefu wa mita 12. Gari limetoka Tanga mjini, limepita Pongwe, limefika hapa saa kumi na moja jioni. Utingo ameshaanza kufungua turubai, na dereva anasema ana safari nyingine.

Saruji kwanza, maana ndiyo rahisi. Usiihesabu ikiwa juu ya gari. Ukizidisha safu kwa kimo utapata hesabu nzuri, lakini hujui kama katikati ya rundo pana shimo. Hesabu inapopita mlangoni. Mtu mmoja asimame nyuma ya gari, mwingine mlangoni mwa stoo, kila mmoja na karatasi yake, wapige vijiti vinnevinne na cha tano kikate. Kila mifuko ishirini, ambayo ni tani moja, wasimamishe wachukuzi na waulizane. Wakitofautiana, wanarudia ishirini tu, si mia nzima. Katika mfano wetu imeingia mifuko 100, lakini miwili imepasuka na kumwaga, na mmoja umeganda mithili ya jiwe. Basi iliyofika ni 100 na inayokubaliwa ni 97. Msichanganye mambo hayo mawili. Mfuko ambao haukuja ni upungufu. Mfuko uliokuja ukiwa umeharibika umekataliwa, na unarudi na gari lilelile. Ukiuacha stooni “kwa muda”, baada ya wiki mbili hakuna atakayejua uliganda kwenye gari au kwenye stoo yenu inayovuja wakati wa masika.

Sasa nondo. Hapa ndipo fedha nyingi hupotelea, na hupotea kimyakimya, kwa sababu sisi tumeagiza kwa tani na dereva analeta kwa pisi. Agizo linasema tani 2. Hati ya kupelekea inasema “nondo mm 12, pisi 180”. Mjumbe anahesabu, anapata 180, anafurahi. Lakini pisi 180 ni tani ngapi?

Mafundi wana kanuni rahisi. Chukua kipenyo cha nondo kwa milimita, kizidishe kwa chenyewe, kisha gawanya kwa 162; unapata kilo za mita moja. Kwa nondo ya milimita 12, 12 mara 12 ni 144, na 144 kwa 162 ni karibu kilo 0.89. Nondo nzima ya mita 12 ina uzito wa karibu kilo 10.7. Tani moja basi ni kama pisi 94, na tani mbili ni pisi 188. Pisi 180 ni pungufu ya pisi 8. Upungufu huo haukufichwa. Umeandikwa wazi kwenye hati ya muuzaji. Ila ankara itakuja ikisema tani 2, na mhasibu mwenye agizo la tani 2 mkononi ataona kila kitu kimelingana.

Dawa yake ipo kwenye agizo lenyewe. Andikeni kipimo ambacho mpokeaji anaweza kukihesabu: nondo 188 za milimita 12, urefu mita 12. Watu wa zahanati wanalijua tatizo hili kwa sura nyingine. Ukiandika “10” kwenye fomu ya dawa ukifikiria makopo ya vidonge 1,000, na Bohari ya Dawa ikakuletea maboksi ya vidonge 100, “10” hiyo ina maana mbili tofauti.

Lakini hesabu ya pisi haitoshi. Nondo inaweza kuwa na urefu kamili na ikawa nyembamba. Iliyouzwa kama milimita 12 lakini ina 11 huwezi kuiona kwa macho, hasa kwa sababu ya yale matuta yake. Fanya kanuni ileile: 11 mara 11 ni 121, gawanya kwa 162, unapata karibu kilo 0.75 kwa mita, au kilo 9 kwa nondo nzima. Yaani nondo imepungua takriban asilimia 16. Viwango vya nondo huruhusu tofauti ya asilimia chache, lakini si kiasi hicho. Na hasara hapa haiishii kwenye fedha: mhandisi alichora linta akitegemea chuma cha milimita 12.

Kulibaini hilo hakuhitaji maabara. Wilaya hii inauza karafuu, iliki na pilipili manga. Mizani ya kuning'iniza haikosekani. Chagueni nondo tano, na mzichague nyinyi, si utingo, tena kutoka mabando tofauti. Zipimeni urefu kwa tepu, zikunjeni, zining'inizeni. Tano zikiwa za kweli zitakaribia kilo 53. Mkiona 45, simamisheni ushushaji na mpigieni simu mhandisi wa halmashauri kabla hamjatia saini yoyote. Mizani haitawaambia ubora wa chuma chenyewe, nguvu yake ya kuvutwa. Hilo ni la maabara, na kamati isijitwike mzigo huo. Iandike tu kwamba imekagua idadi, urefu na uzito.

Nifike kwenye kuandika. Katika mfano wetu, nondo ni 180 badala ya 188, na saruji iliyokubaliwa ni 97 kati ya 100. Dereva atasema, “Andikeni tu, mzee, hizo nane nawaletea kesho.” Ni kijana mwenye adabu, amewaamkia wote, na sisi watu wa huku tunaona haya kumkatalia mgeni. Haya hiyo naiheshimu. Lakini anayeahidi si mwenye duka, na kesho hatakuwepo yeye wala gari lake.

Andikeni kwenye nakala zote za hati ya kupelekea, yake na yenu, kabla injini haijawashwa. Msifute tarakimu iliyochapwa, andikeni chini yake: “Nondo mm 12: zilizoagizwa tani 2, sawa na pisi 188, zilizopokelewa 180, pungufu 8. Saruji: iliyofika 100, iliyokubaliwa 97, iliyorudishwa 3 (2 imepasuka, 1 umeganda).” Kisha tarehe, saa, namba ya gari, jina la dereva na saini yake, na saini zenu. Maneno kama “mzigo umepungua kidogo” hayana msaada wowote mbele ya mkaguzi. Dereva akigoma kusaini, andikeni kwamba amegoma, na mashahidi wawili wasaini.

Usiku huohuo, au asubuhi yake, hati ya mapokezi iandikwe kwa tarakimu hizohizo, 180 na 97, na leja ifuate. Muuzaji apelekewe taarifa ya maandishi. Hapo ana njia mbili: alete kilichobaki, au ankara na risiti ya EFD zitolewe kwa kilichopokelewa tu. Mhasibu naye alipe kwa kulinganisha karatasi tatu, yaani agizo, hati ya mapokezi na ankara, na penye tofauti afuate tarakimu iliyo ndogo. Nondo nane zikija baada ya wiki, ziandikiwe hati mpya ya mapokezi yenye tarehe yake. Nimeona hati nyingi ambazo 180 imegeuzwa 188 kwa kalamu ya rangi nyingine. Huenda nondo zililetwa kweli, lakini karatasi ya namna hiyo haiwezi tena kumtetea mtu.

Limebaki la wenzetu wa Amani. Mvua ikinyesha, gari kubwa mara nyingine halipandi mlima, na mzigo unahamishiwa kwenye magari madogo huku chini. Mwenye duka atadai amekabidhi palepale gari lilipokwama. Shule itasema haijapokea kitu. Basi agizo litaje mahali pa makabidhiano. Likitaja shuleni, mzigo ni wa muuzaji mpaka ufike mlangoni, hata ukibadilishiwa magari matatu. Likitaja Muheza mjini, mjumbe wa mapokezi ashuke ahesabu hapo, na kila gari dogo lipande na karatasi yake ya idadi, na mzigo uhesabiwe tena juu. Nauli ya mjumbe huyo iingizwe kwenye bajeti ya mradi tangu mwanzo.