MLIO WA MASIKIONI NA KICHWA KUBANA

(Maneno yaliyosemwa na mkaguzi mmoja wa mabehewa mbele ya mkutano wa tawi, Changamwe.)



Niliombwa niseme juu ya jambo ambalo wengi wetu tunalo lakini hatulitaji, maana mtu akisema, "Masikio yangu yalia na hakuna kinacholia," huogopa kuchekwa. Mlio huo wengine huusikia kama nyenje, wengine kama birika inayochemka, wengine kama hewa inayovuja katika mpira wa breki. Pamoja nao huja kichwa kubana, kama aliyefungwa kitambaa akakazwa. Na mara nyingi vyote viwili huzidi wakati mtu ana wasiwasi.

Nitawaeleza habari za ndugu mmoja, fundi wa breki, mkazi wa Likoni. Jina lake silitaji, naye ameniruhusu kusema haya. Amefanya kazi miaka 19 katika karakana ya nyundo na mashine za hewa, na siku nyingi hakuziba masikio. Mwezi mmoja pakavuma habari kwamba watu watapunguzwa, na karo ya watoto wawili ilikuwa haijalipwa. Usiku wa tatu wa uvumi ule, nyumba ikiwa kimya, akasikia mlio. Akaketi kitandani akiusikiliza mpaka alfajiri.

Kwanza tufahamu mlio watoka wapi. Ndani kabisa ya sikio mna chombo kilichojiviringa kama konokono, na humo mna vijinywele vidogo mno vinavyopokea sauti na kuipeleka katika ubongo. Makelele ya miaka mingi huviua, navyo havioti tena. Ubongo ukikosa habari kutoka sehemu ile, ni kama mtu aliyekosa stesheni katika redio: huongeza sauti mpaka redio yenyewe ikavuma. Ule uvumi ndio mlio. Basi pengine ndugu yetu alikuwa nao tangu zamani, lakini mchana karakana iliufunika, na usiku usingizi uliufunika.

Wasiwasi hufanya nini? Mtu mwenye hofu ubongo wake hukaa macho kama mlinzi wa usiku, na kila kinachosikika huhesabiwa kuwa hatari. Mlio mdogo ukihesabiwa hatari, masikio huufuata, nao huonekana mkubwa. Ukiwa mkubwa, hofu huzidi. Hofu ikizidi, mlio hufuatwa zaidi. Mlio wa yule bwana ni wa kweli, wala si uwongo wala si majini.

Na kichwa kubana ni kazi ya misuli. Mwenye wasiwasi hukaza taya bila kujua, huuma meno hata akiwa usingizini, na mabega humpanda. Misuli ya taya inakwenda hadi kwenye panja, na ya shingo inashika nyuma ya kichwa, basi ikikazwa saa nyingi, kichwa chote husikia mkazo. Mtaweza kujua hivi: weka vidole kwenye panja kisha uma meno, utaona misuli inainuka. Tena mwenye hofu huvuta pumzi nyingi na fupi fupi, na hiyo humletea kizunguzungu na ganzi ya vidole.

Sasa nifike mahali ambapo wengi hupotea. Hapa pwani mtu akisikia kichwa kinabana husema, "Nina presha." Lakini presha ya damu mara nyingi haina dalili yoyote, na kichwa kubana hakuonyeshi kwamba ipo. Hujulikana kwa kupimwa tu. Ndugu yetu alitoka kwenye feri mbio, akapanda matatu, akafika zahanati akihema, akapimwa papo hapo: 158 kwa 96. Hofu ikamzidi, na mlio ukapanda. Muuguzi mwenye busara akamwambia akae dakika 5, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono juu ya meza sawa na moyo, bila kusema neno. Alipopimwa tena ilikuwa 136 kwa 84. Akarudi siku nyingine mbili, asubuhi, bila kahawa wala sigara kwa nusu saa kabla yake. Siku zote mbili ilikuwa chini ya 140 kwa 90. Ingalikuwa juu siku hizo zote, ingalibidi atibiwe presha, hata kama kichwa hakibani.

Kosa la pili lilikuwa la vidonge. Kwa ajili ya kichwa alikuwa akinunua aspirini dukani, vidonge 3 vya miligramu 300, mara 4 kwa siku, yaani miligramu 3,600, na akaendelea wiki mbili. Aspirini kwa wingi namna hiyo yaweza yenyewe kuliza masikio! Wazee waliokunywa kwinini kwa homa ya malaria wanakumbuka mlio wa namna hiyo. Alipoiacha, baada ya siku chache mlio ulishuka, ukabaki ule mwembamba wa zamani. Lakini aliyepewa aspirini na daktari kwa ajili ya moyo asiiache kwa maneno yangu; aende akaulize.

Kisha alipimwa masikio kwa mashine. Sauti nene alizisikia vizuri, lakini zile nyembamba, karibu na mitetemo 4,000 kwa sekunde, zilikuwa zimepungua pande zote mbili. Hiyo ndiyo alama ya makelele ya kazi.

Hakupewa dawa ya kuuondoa mlio, maana mpaka leo hakuna dawa inayojulikana kuuondoa. Alifundishwa kuukosesha ulinzi. Usiku asilale katika kimya kabisa: feni, au redio ya sauti ndogo, chini kidogo ya mlio wenyewe. Nyumbani asizibe masikio pamba, maana kimya huukuza, kazini azibe. Taya ikae hivi: midomo imefungwa, meno yameachana. Na kabla ya kulala avute pumzi kwa pua akihesabu 4, aitoe akihesabu 6, kwa dakika 5. Mafuta ya nazi ya moto aliyoshauriwa na jirani ayatie masikioni, aliambiwa ayatumie kwa wali. Baada ya wiki 6 mlio ulikuwapo, lakini alilala. Kichwa humbana bado siku za maneno ya kazi, na habari ya kupunguzwa haijakwisha.

Si kila mlio ni wa namna hii. Mlio wa sikio moja tu, au unaopiga pamoja na mapigo ya moyo, au wenye usaha au kizunguzungu cha kuzungusha nyumba, uende kwa daktari. Sikio likiziba kusikia ghafula, enda siku ile ile au kesho yake, hata Hospitali Kuu ya Pwani, maana kuna dawa inayofaa siku za kwanza, na ukikawia haifai. Na kichwa kikikupasua ghafula kuliko siku zote, au mdomo ukaenda upande, usingoje hata kidogo. Vile vile, kama wasiwasi wakufikisha kuwaza kujiua, mwambie mtu usiku huo huo na uende hospitali.

Mwisho, kuna Kanuni za Kuzuia Makelele za mwaka 2005. Zinasema mtu asikae katika makelele ya zaidi ya desibeli 90 kwa saa 8, na yakipita 85 mwajiri lazima awe na mpango wa kulinda masikio na kuwapima watu. Kama huna mashine, pima hivi: ukilazimika kupaza sauti ili mwenzako aliye umbali wa mkono akusikie, yaelekea mmefika 85. Walio karakana ya magurudumu waandike majina kwa Katibu leo, ili tudai kupimwa pamoja, na kila mtu adai nakala ya karatasi yake.

Nipo tayari kwa maswali.